Kwa nini visikizio vya Bluetooth hukatika sauti pale oveni ya maikrowevu inapowashwa?

Chukua mfano wa mkalimani anayefanya kazi nyumbani mjini Kampala. Ameketi mezani, kompyuta mpakato mbele yake, visikizio visivyo na waya vimefunika masikio. Upande mmoja wa simu yuko daktari anayezungumza Kiingereza. Upande wa pili yuko mgonjwa asiyejua lugha nyingine ila Kiswahili. Daktari anasema mgonjwa ameze vidonge viwili, halafu sauti inakwaruza, inapotea kwa nusu sekunde, na inarudi kwenye maneno "kwa siku". Ni vidonge viwili mara ngapi kwa siku? Mkalimani hana budi kuomba neno lirudiwe. Likitokea mara moja, daktari huvumilia. Likitokea kila siku saa saba mchana, kazi yenyewe inaingia shakani.

Wengi wakifikwa na jambo hili huamua kwamba visikizio ni vibovu na kwenda kununua vingine. Mara nyingi vile vipya navyo hukatika vivyo hivyo, kwa sababu ubovu haupo kwenye kifaa. Upo hewani, katika ukanda mwembamba wa masafa ya redio ambao Bluetooth inaugawana na vifaa vingine vingi vya nyumbani.

Ukanda mmoja, wapangaji wengi

Ukanda huo unaanzia megahezi 2,400 na kuishia karibu na megahezi 2,483. Kwa kawaida huitwa ukanda wa gigahezi 2.4. Katika nchi nyingi, mtu hahitaji leseni kuutumia, mradi kifaa chake kifuate kanuni na kisizidishe nguvu. Ndiyo maana watengenezaji wa vifaa vya bei nafuu huukimbilia. Ruta ya intaneti hutumia masafa hayo kurusha Wi-Fi. Vipanya na kibodi zisizo na waya hutumia hayo hayo. Nayo oveni ya maikrowevu, ambayo haikuundwa kupeleka ujumbe wowote, hupasha chakula moto kwa mawimbi ya takriban megahezi 2,450, yaani katikati ya ukanda huo huo.

Wapangaji hawa hawalingani kwa sauti. Visikizio vya kawaida vya Bluetooth hutuma kwa nguvu ya milliwati chache tu; kiwango kilichozoeleka kwa vifaa vinavyokusudiwa umbali wa mita 10 hivi ni milliwati 2.5. Oveni ya maikrowevu huzalisha mamia ya wati ndani ya sanduku lake la chuma. Karibu nguvu yote hubaki humo, lakini kiasi kidogo huvuja kando ya mlango. Kanuni za usalama huruhusu uvujaji usiozidi milliwati 5 kwa kila sentimita ya mraba, ukipimwa sentimita 5 kutoka kwenye oveni. Kiasi hicho hakitoshi kumdhuru mtu, lakini kwa kifaa kinachosikiliza mnong'ono wa milliwati 2.5 kutoka chumba kile kile, ni kelele kubwa.

Pikoneti: kikundi kidogo chenye kiongozi mmoja

Visikizio vinapounganishwa na kompyuta, vifaa hivyo viwili huunda mtandao mdogo unaoitwa pikoneti. Katika pikoneti kuna kiongozi mmoja na wafuasi. Katika Bluetooth ya awali, ile inayotumika bado kwa simu na muziki katika vifaa vingi, kiongozi anaweza kuwa na wafuasi saba wanaoshiriki kwa wakati mmoja, wala si zaidi. Idadi hiyo haikuokotwa tu: anwani ya kila mfuasi ndani ya kikundi imepewa biti tatu, na biti tatu hutoa namba nane. Moja kati ya hizo imehifadhiwa kwa matangazo ya kiongozi kwa wote, hivyo zinabaki saba.

Katika nyumba ya mkalimani wetu, kompyuta ndiyo kiongozi. Visikizio ni mfuasi mmoja, na kipanya kisicho na waya kinachotumia Bluetooth ni mfuasi wa pili. Hakuna mfuasi anayezungumza na mwenzake moja kwa moja, wala anayeanza kusema bila kupewa nafasi. Muda umekatwa vipande vidogo vyenye urefu wa sehemu 625 kati ya milioni moja ya sekunde, kwa hiyo sekunde moja ina vipande 1,600. Kiongozi husema katika kipande kimoja, mfuasi aliyeitwa hujibu katika kinachofuata. Ni kama baraza lenye msemaji mmoja anayegawa zamu, isipokuwa zamu hizi hupita kwa kasi ambayo sikio la binadamu haliwezi kuigundua.

Kuruka bila kupoteana

Jambo linaloitofautisha Bluetooth na Wi-Fi ni kwamba pikoneti haikai mahali pamoja. Ukanda umegawanywa katika chaneli 79, kila moja ikiwa na upana wa megahezi moja, kuanzia megahezi 2,402 hadi 2,480. Kiongozi akituma katika chaneli ya megahezi 2,415, baada ya muda mfupi pikoneti yote inakuwa imehamia megahezi 2,463, kisha 2,408, kisha kwingine. Kasi yake ya juu katika mazungumzo ya kawaida ni miruko 1,600 kwa sekunde.

Swali linalofuata ni la haki: visikizio vinajuaje kiongozi ataruka kwenda wapi? Jibu ni kwamba haviambiwi kila mara, vinapiga hesabu. Kila kifaa cha Bluetooth kina anwani yake ya kudumu na saa ya ndani inayoenda bila kusimama. Wakati wa kuunganishwa, mfuasi hupokea anwani ya kiongozi na hujua saa ya kiongozi inasoma ngapi. Anwani na saa vikiingizwa katika kanuni moja ya hesabu, hutoa chaneli ya kipande cha sasa. Kwa kuwa pande zote mbili zina anwani ile ile, saa ile ile na kanuni ile ile, zinafika kwenye jibu moja bila kuulizana.

Hapo ndipo ilipo pia siri ya pikoneti nyingi kukaa chumba kimoja. Jirani wa mkalimani akisikiliza muziki kwa visikizio vyake, kiongozi wake ni simu yenye anwani nyingine na saa nyingine, kwa hiyo mfuatano wake wa miruko ni tofauti. Makundi hayo mawili hayapatani wala hayajuani. Hugongana pale tu yanapotua kwa bahati kwenye chaneli moja kwa wakati mmoja, na katika chaneli 79 hilo ni tukio la nadra: takriban mara moja au mbili katika kila miruko 79. Pakiti moja ikiharibika, inayofuata iko kwingine. Ndiyo maana abiria wengi ndani ya basi wanaweza kusikiliza simu zao kila mtu peke yake, na mambo yakaenda sawa.

Wi-Fi haiendi popote

Ugumu huanza pale mgongano unapokuwa si wa bahati. Ruta ya Wi-Fi hairuki. Huchagua sehemu moja ya ukanda na kukaa hapo, nayo huchukua nafasi pana: takriban megahezi 20, sawa na chaneli 20 za Bluetooth. Watu wanaofunga ruta hupendelea chaneli za Wi-Fi namba 1, 6 na 11 kwa sababu hizo tatu haziingiliani. Vitovu vyake ni megahezi 2,412, 2,437 na 2,462.

Tuseme ruta ya mkalimani iko kwenye chaneli 11. Inatawala eneo la megahezi 2,452 hadi 2,472 hivi. Pikoneti inayoruka kwa upofu katika chaneli zote 79 itatua ndani ya eneo hilo takriban mara moja katika kila miruko minne. Ruta ikiwa kimya kwa wakati huo, hakuna kitu kinachoharibika. Ikiwa inapakua faili kubwa na haipumziki, karibu robo ya pakiti za sauti ziko hatarini. Madhara ni ya pande mbili: pakiti ya Wi-Fi nayo inaweza kuvunjwa na mruko uliotua juu yake, na ruta italazimika kuituma upya. Hivyo ndivyo vifaa vya Bluetooth vya miaka ya mwanzo vilivyokuwa vikisumbuana na Wi-Fi.

Toleo la 1.2 la Bluetooth, lililotoka mwaka 2003, lilileta tiba. Kuruka kukawa kwa kuchagua. Vifaa huweka hesabu ya chaneli ambazo pakiti zake hupotea au hufika zikiwa na makosa, na vinaweza pia kusikiliza chaneli ili kupima kelele. Mfuasi anaweza kumpelekea kiongozi taarifa ya hali ilivyo upande wake, lakini uamuzi ni wa kiongozi. Kiongozi huandaa ramani ya chaneli 79, kila moja ikiwa na alama ya kutumika au kutotumika, na kuwatumia wafuasi pamoja na wakati kamili ambao wote wataanza kuifuata. Kuanzia hapo, hesabu ya kuruka ikitoa chaneli iliyofungwa, hubadilishwa papo hapo na nyingine iliyo wazi.

Katika nyumba ya mkalimani, ramani itafunga chaneli 20 hivi za ruta na kubaki na 59. Sauti inatulia. Ndiyo maana siku nyingi Wi-Fi na Bluetooth hukaa pamoja bila mtu kutambua kwamba kuna makubaliano yoyote.

Lakini makubaliano hayo yana mpaka. Kanuni inataka pikoneti ibaki na chaneli zisizopungua 20. Katika jengo la ghorofa ambamo ruta za majirani zimejaza chaneli za Wi-Fi 1, 6 na 11, eneo lililoshikwa ni takriban chaneli 60 kati ya 79. Zinabaki 19. Kiongozi hawezi kuzifunga zote 60 hata akitaka. Lazima aache wazi baadhi ya zile zenye kelele. Kuanzia hapo hana pa kukimbilia, na kila ruta inayoongeza kazi jioni husikika masikioni.

Saa saba mchana

Turudi sasa kwenye tatizo la mkalimani, ambalo hutokea mchana na si jioni. Ukuta wa chumba chake cha kazi unapakana na jiko. Saa saba, mtu wa nyumbani hupasha chakula cha mchana. Oveni ya maikrowevu hutoa mawimbi yasiyotulia mahali pamoja. Yanazunguka karibu na megahezi 2,450, yakipanda na kushuka, na kuchafua eneo pana. Ramani ya chaneli inayotengenezwa kwa kutazama makosa yaliyopita huchelewa: ikishafunga chaneli fulani, kelele imesogea.

Lipo jambo moja la kufariji. Oveni nyingi za kawaida hutoa mawimbi katika nusu tu ya kila mzunguko wa umeme. Umeme wa Afrika Mashariki huzunguka mara 50 kwa sekunde, hivyo oveni hupiga kelele kwa takriban milisekunde 10, kisha hunyamaza kwa milisekunde 10. Katika ukimya huo zinapita zamu 16 za Bluetooth. Pakiti iliyoharibiwa ingeweza kutumwa tena ndani ya nafasi hiyo.

Hapa ndipo tofauti kati ya muziki na mazungumzo inapojitokeza. Visikizio vinapopokea muziki, huweka akiba ya sehemu ndogo ya sekunde kabla ya kucheza. Pakiti ikipotea, hurudiwa na kufika kabla akiba haijaisha, na msikilizaji hajui lolote. Mazungumzo ya simu hayawezi kusubiri hivyo, kwani kila kuchelewa huwafanya wazungumzaji waingiliane kauli. Kwa hiyo pakiti ya sauti ya simu hupewa nafasi finyu ya kurudiwa, milisekunde chache tu. Nafasi hiyo ikipita bila mafanikio, pakiti hutupwa, na visikizio hujaza pengo kwa kukisia au kwa ukimya. Mkalimani akisikiliza wimbo jikoni huku oveni ikiwaka, huenda asisikie mkwaruzo wowote. Akipokea simu mahali pale pale, maneno yanakatika. Visikizio ni vile vile.

Jinsi ya kumjua mkorofi

Kwa kuwa kila chanzo cha kelele kina tabia yake, inawezekana kukitambua bila kipimo chochote cha fundi. Njia ni kubadilisha jambo moja tu kwa wakati, na kusikiliza.

Sauti ikianza kukatika oveni inapowashwa na kupona mara kengele yake inapolia, jawabu limepatikana. Tiba ni umbali. Mita chache za ziada hupunguza sana kelele inayofika kwenye visikizio, na kuileta kompyuta karibu na msemaji huipa sauti yake nguvu zaidi dhidi ya kelele hiyo.

Sauti ikikatika pale kompyuta yenyewe inapopakua au kutuma faili kubwa, tatizo liko ndani ya kompyuta. Katika kompyuta na simu nyingi, Wi-Fi na Bluetooth hukaa kwenye chipu moja, na mara nyingine hutumia antena moja. Antena haiwezi kutuma Wi-Fi na kusikiliza mnong'ono wa visikizio kwa wakati ule ule, kwa hiyo chipu hugawa muda kati ya hizo mbili. Ramani ya chaneli haisaidii sana hapa, maana mkorofi yuko sentimita chache kutoka sikioni. Dawa ni kuihamishia kompyuta kwenye Wi-Fi ya gigahezi 5, ikiwa ruta inayo, au kuiunganisha na ruta kwa waya. Wi-Fi ya gigahezi 5 iko mbali kabisa na ukanda wa Bluetooth.

Sauti ikikatika tangu diski ya nje ilipochomekwa, huenda kisababishi ni diski hiyo. Waya na soketi za USB 3.0 hutoa kelele inayofika hadi ukanda wa gigahezi 2.4. Kelele hii ni pana, haichagui chaneli, kwa hiyo hakuna ramani inayoweza kuikwepa. Kuichomeka diski upande mwingine wa kompyuta, au kutumia waya wenye kinga bora, mara nyingi hutosha.

Na ikiwa sauti hukatika mtu anapogeuka au anapotoka nje, mkorofi ni mwili wake mwenyewe. Mwili umejaa maji, na maji hunyonya mawimbi ya masafa haya. Simu iliyo katika mfuko wa nyuma upande wa kushoto hupata taabu kulifikia sikio la kulia. Ndani ya nyumba mawimbi hurudishwa na kuta na kupata njia ya kuzunguka. Uwanjani hakuna ukuta wa kuyarudisha, na ndiyo maana visikizio vinavyofanya vizuri sebuleni huweza kukwama katika uwanja mtupu ambako hakuna ruta hata moja.

Vifaa vipya na ukanda ule ule

Bluetooth yenye matumizi madogo ya umeme, inayotumika katika saa za mkononi, vipimo vya mapigo ya moyo na visaidizi vipya vya kusikia, imegawa ukanda kwa namna nyingine: chaneli 40, kila moja ikiwa na upana wa megahezi 2. Tatu kati yake zimetengwa kwa ajili ya kifaa kujitangaza ili kipatikane. Zimewekwa kwenye megahezi 2,402, 2,426 na 2,480, yaani pembezoni na katika mwanya uliopo kati ya chaneli za Wi-Fi 1 na 6. Waliopanga hivyo walijua mpangaji mkubwa amelala wapi, wakaweka milango yao mahali ambapo hataiziba.

Mkalimani wa Kampala, akifuata njia hii, hatalazimika kununua kitu. Atagundua kwamba kukatika kwa mchana kunaendana na oveni, na kwamba kukatika kwingine kunatokea kompyuta inapohifadhi mafaili yake kwenye intaneti. Atasogeza meza hadi ukuta wa upande wa pili, atahamia Wi-Fi ya gigahezi 5, na ataahirisha kuhifadhi mafaili hadi kazi iishe. Kwa simu ambayo kosa la neno moja haliwezi kuvumiliwa, ataweka karibu visikizio vya waya. Huo ndio mpaka wa kuruka kwa kuchagua: hupunguza migongano kiasi cha kusahaulika siku nyingi, lakini katika ukanda usio na mwenye nyumba, hakuna kifaa kinachoweza kuahidi kwamba neno linalofuata litafika.